KN kwenye sarafu si Kenya

Wiki hii kuna picha imezunguka kwenye makundi ya wasapu kuanzia Mbeya hadi Makambako: sarafu ya kahawia yenye tundu katikati, taji juu ya tundu, mwaka 1936. Muuzaji ameandika "rupia ya Mjerumani, adimu sana". Chini yake mtu amemsahihisha kwa uhakika wote kwamba si ya Mjerumani, ni ya Kenya, maana ina KN. Wote wawili wamekosea, na makosa yao ni ya aina moja: wameshika alama moja wakaacha kusoma maandishi. Inauma, kwa sababu maandishi yapo pale pale, mazima, yanasomeka.

Tuanze na mwaka. Iringa ilichukuliwa na Waingereza Agosti 1916. Hakuna sarafu ya 1936 iliyotolewa na Mjerumani kwa ajili ya nchi hii. Taji na tundu vimewapotosha wengi, kwa kuwa Mjerumani naye alitoa sarafu za tundu zenye taji: heller 10 kuanzia 1908 na heller 5 za 1913 na 1914. Hizo ndizo zilizotuachia neno "hela". Lakini zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, na thamani yake ni HELLER. Usipoyaona maneno hayo, achana na Mjerumani.

Sasa isome ya 1936 kwa utaratibu. Anza na jina la mamlaka: EAST AFRICA. Kisha thamani: TEN CENTS. Kisha mtawala: EDWARDVS VIII REX ET IND:IMP, yaani Edward wa Nane, mfalme na kaisari wa India. Hiyo V iliyokaa mahali pa U ni Kilatini, si kosa la kiwandani. Kisha picha: pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Ukishamaliza yote hayo, ndipo uangalie zile herufi ndogo, KN.

KN ni King's Norton, kiwanda cha Birmingham, Uingereza. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham hiyo hiyo. SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Herufi hizo zinakuambia sarafu ilifuliwa wapi, hazikuambii ni pesa ya nani. Fundi wa Mwanjelwa akikushonea suti ya harusi, suti haiwi ya Mwanjelwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni huu. Mwaka huo huo wa 1936, kwa jina la mfalme yule yule, zilitolewa sarafu nyingine za tundu zenye taji, na kati yake zimo zenye KN na zenye H. Ukiiweka moja mezani kando ya ile ya kwetu, kwa mbali utadhani ni ndugu. Ila yenyewe imeandikwa BRITISH WEST AFRICA, thamani yake ni penny, na tundu lake limezungukwa na nyota ya ncha sita. Ni pesa ya Afrika Magharibi. Kama KN ingekuwa Kenya, Kenya ingekuwa imetoa pesa ya Nigeria na Gold Coast.

Basi ya kwetu ni ya nchi gani? Jibu sahihi ni kwamba si ya nchi moja. Ilitolewa na East African Currency Board, bodi ya sarafu iliyoundwa London mwaka 1919, na pesa yake ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia 1936. Ukiandika "Kenya" umekosea. Ukiandika "Tanganyika" nako umekosea, hata kama imefukuliwa shambani Tukuyu. Andika "Afrika Mashariki ya Kiingereza" na uishie hapo. Na huo uadimu? Edward wa Nane alitawala miezi isiyofika kumi na miwili, akajiuzulu Desemba 1936, lakini senti zake za tundu zilifuliwa kwa wingi na zimebaki nyingi. Anayekuuzia kwa bei ya ng'ombe anakuibia.

Nakubali kwamba herufi ndogo zina kazi yake. SA na I kwenye sarafu za Afrika Mashariki ni za miaka ya vita kuu ya pili, kwa hiyo zinasaidia tarehe ikifutika. Na T kwenye sarafu ya 1916 iliyoandikwa D.O.A., kifupi cha Deutsch Ostafrika, inamaliza ubishi, hiyo ni Tabora, Mjerumani akiwa amezingirwa na kufua pesa hapa hapa. Lakini hata T hiyo haina maana kabla hujasoma D.O.A.

Tundu nalo lichunguzwe. Tundu la kiwandani liko katikati kabisa, lina ukingo ulioinuka kidogo unaoweza kuuhisi kwa ukucha, na maandishi yamepangwa kulizunguka. Tundu la msumari limekaa pembeni karibu na ukingo, nalo limekata herufi au paji la uso wa mfalme. Hilo ni la kuvalia shingoni, na haligeuzi rupia kuwa heller.

Kinachoharibu kazi kuliko chochote ni kusugua. Sarafu ikitoka kwenye udongo wetu mwekundu watu wanaikamata na mchanga, limao au waya wa sufuria hadi ing'ae. Herufi za kiwanda ndizo ndogo na hazikuinuka sana, kwa hiyo ndizo za kwanza kufutika, na tarakimu ya mwisho ya mwaka hufuata. Iloweke kwenye maji ya mvua siku tatu au nne, ukibadilisha maji kila siku, kisha ondoa udongo kwa kijiti cha meno, taratibu. Ili kuisoma, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu na meza ili mwanga upite ubavuni mwa sarafu. Zungusha sarafu, si tochi. Herufi iliyokuwa haionekani itatupa kivuli. Ujaribu na sumaku ya spika pia: shaba haishiki, na ikishika, hiyo si senti ya 1936.

Itatokea sarafu iliyochakaa ikabakiza pembe za ndovu na herufi DVS tu. Hapo kuna Edward wawili. Edward wa Saba, aliyekufa 1910, yuko kwenye senti za tundu zenye maneno marefu EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES, na senti 10 zake ni za chuma cheupe cha nikeli. Hizo zilitolewa wakati huku kwetu kungali kwa Mjerumani. Za Edward wa Nane ni za shaba ya kahawia. Kwa hiyo kwangua kidogo ukingoni kwa ukucha, utazame rangi chini ya uchafu. Ikiwa nyeupe, ni ya Edward wa Saba. Ikiwa ya kahawia, ni ya 1936, hata kama mwaka wenyewe hausomeki tena.