Ndege ya Guangzhou haicheleweshwi na dunia

Jirani yangu anauza mikoba Kariakoo, na kila Desemba hupanda ndege kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Juzi alinieleza kwamba kurudi Dar huchukua muda mrefu kuliko kwenda, "kwa sababu dunia inazunguka." Maelezo hayo nimeyasikia tangu shuleni, na naona imefika wakati tuyaache.

Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kama mzunguko ndio ungekuwa sababu, basi wakati wa kurudi Dar ingekuwa inamfuata abiria huko aliko, na safari ingekuwa fupi. Isitoshe, hewa huzunguka pamoja na ardhi. Ingebaki nyuma, pale Posta tungepigwa na upepo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa.

Sababu ni mkondo wa jeti: mto mwembamba wa upepo uvumao kutoka magharibi, kiasi cha kilomita 10 hadi 13 juu, karibu na kimo cha ndege za abiria. Hewa iliyopashwa joto huku kwetu tropiki hupanda, kisha huelekea kwenye baridi ya kaskazini. Mzunguko wa dunia huipinda ielekee mashariki, nayo huzidi kushika kasi. Kwa hiyo dunia inahusika, ila kwa kupitia upepo. Desemba hadi Februari mkondo huo hupita kusini mwa Himalaya na kuingia kusini mwa China. Njiani hubeba mifumo ya mvua kutoka upande wa Mediterania hadi kaskazini mwa India, ikamwaga theluji milimani. Masika yetu haiongozwi nao. Huku wenye kauli ni kaskazi na kusi.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, na sehemu kubwa ya njia haiguswi na mkondo. Tuchukue kilomita 1,800 za mwisho, ndege yenye mwendo wa 900 kwa saa, na upepo wa 100 unaovuma moja kwa moja kutoka nyuma. Bila upepo ni saa mbili kamili. Kwenda, ndege hukata ardhi kwa 1,000, ikatumia saa 1 na dakika 48. Kurudi hubaki na 800, saa 2 na dakika 15. Ameokoa dakika 12, amepoteza 15. Hili ndilo linalonivutia zaidi: upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa kuwa ndege inayokwenda polepole hukaa ndani yake muda mrefu zaidi.

Nimemwomba safari hii aangalie skrini ya kiti. Karibu na Myanmar, namba ya mwendo wa ardhini ikipanda huku ndege iko kimo kilekile, ameingia mkondoni. Akisafiri Julai asiutafute hapo, maana utakuwa umehamia kaskazini ya Tibet.