Ekstra za kriketi: bili ya nani?

"Mpira umempiga mpigaji kwenye pedi ya mguu, bati halijagusa kitu, halafu timu yake inapewa mikimbio minne. Ya kazi gani? Na mbona mrushaji hadaiwi?"

Hadaiwi kwa sababu vitabu vya kriketi vina hesabu mbili, na ekstra, yaani mikimbio isiyotoka kwenye bati, ndizo zinazozitenganisha. Hesabu ya timu hupokea kila mkimbio, uwe umetoka kwenye bati, kwenye pedi au hewani. Hesabu ya mrushaji ni nyingine: humo huandikwa mikimbio ya bati na yale tu ambayo sheria inaona ni kosa lake. Waidi, mpira uliopita mbali mno na mpigaji, na noboli, mpira uliorushwa kinyume cha sheria, anatozwa. Bai, mikimbio ya mpira ambao haukugusa bati wala mwili, na legi-bai, ya mpira uliogonga mwili bila kugusa bati, hatozwi, na ova, yaani zamu ya mipira sita halali, yenye bai nne bado inaweza kuandikwa kuwa hakutoa kitu. Waidi moja inatosha kuiharibu.

Mgawanyo huo si wa tangu enzi. Hadi miaka ya 1980, katika mechi za kimataifa, waidi na noboli ziliingia kwenye jumla ya timu pinzani bila kugusa takwimu za mrushaji. Mtu aliweza kurusha hovyo mchana kutwa na jina lake likabaki safi.

Tuitazame ova moja ya mfano. Mpira wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili unapita mbali na mpigaji, mwamuzi ananyoosha mikono yote miwili, mlinda wiketi, anayesimama nyuma ya mpigaji kudaka, anaukosa na unafika mpakani. Hizo ni waidi tano: mmoja wa adhabu na minne ya mpaka, na mpira unarudiwa. Ukirudiwa, mpigaji anauchapa na kupata mmoja. Unaofuata mrushaji anavuka mstari. Mwamuzi ananyoosha mkono mmoja. Mpira haugusi bati wala mwili, unampita mlinda wiketi, unafika mpakani. Hapo kunaandikwa noboli moja na bai nne, na mpira unarudiwa tena. Wa marudio unagonga pedi ya mpigaji aliyejaribu kuucheza, wanakimbia mmoja, mwamuzi anainua goti na kuligusa kwa mkono: legi-bai moja. Mitatu ya mwisho haina kitu.

Mipira minane imerushwa, sita ndiyo halali. Timu imepata mikimbio 12, mpigaji ana mmoja tu, ekstra ni 11. Kwa mrushaji inaandikwa 7: waidi tano, noboli moja na ule mmoja wa bati. Mitano iliyobaki, yaani bai nne na legi-bai moja, haina mwenyewe. Kwa mazoea lawama ya bai humwangukia mlinda wiketi, lakini mrushaji haimgusi.

Sasa linganisha ile mipira miwili iliyofika mpakani. Yote ilimpita mlinda wiketi, na yote iliipa timu mitano. Kwa waidi mrushaji ametozwa mitano yote. Kwa noboli ametozwa mmoja tu. Kabla ya sheria za 2017 mikimbio ya namna hiyo kwenye noboli iliandikwa yote kuwa noboli, ikamwendea mrushaji. Sasa isiyotoka kwenye bati inaitwa kwa jina lake, bai au legi-bai. Waidi hawakuigusa.

Kuna hoja ya kuitetea hali hiyo. Noboli ya mguu haibadilishi njia ya mpira, kwa hiyo mlinda wiketi aliyeukosa hana wa kumsingizia. Waidi ni mbali kwa maana yake, na huenda isingefikiwa na mtu yeyote. Nakubali kwa waidi inayopita upande wa mguu, yaani nyuma ya miguu ya mpigaji, mlinda wiketi akiwa bado anaruka kuifuata. Lakini katika kriketi ya ova chache waidi nyingi za upande huo zimepita kwa upana wa kiganja tu, na mlinda wiketi mzuri huzidaka siku nzima. Akiiachia moja, kumtoza mrushaji mitano ni kumtoza kosa la mwenzake. Ningemtoza mmoja, na minne iandikwe bai.

Uzito wa mambo haya Wakenya waliuona Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Wapigaji wa Kenya walitolewa wote kwa mikimbio 166 dhidi ya West Indies, na mpigaji wake bora, Steve Tikolo, alikuwa na 29. Aliyeongoza ni ekstra: 37, zaidi ya sehemu moja ya tano ya jumla, na nyingi zikiwa waidi na noboli. West Indies nao wakatolewa wote kwa 93. Pengo lilikuwa 73, kwa hiyo hakuna wa kusema Kenya ilibebwa na zawadi. Warushaji wake, Maurice Odumbe na Rajab Ali, walichukua wiketi tatu kila mmoja, yaani waliwatoa wapigaji watatu.

Turudi kwenye pedi. Wanaotaka legi-bai ifutwe, akiwemo mchezaji wa zamani wa Australia Mark Waugh, wanasema hivi: mrushaji amemshinda mpigaji, bati limekosa, kwa nini aliyeshindwa alipwe? Hoja ina nguvu, ila sheria tayari imeipunguza. Mpigaji lazima awe amejaribu kuucheza mpira kwa bati au kuukwepa. Akiweka tu mguu, mikimbio haihesabiwi. Zaidi ya hapo, mpira mwingi wa pedi ni mpira uliolengwa vibaya kuelekea miguuni, na mpira ukiwa hai wadakaji wana kazi ya kuuzuia. Ukiifuta, kila mguso mwembamba wa bati utakuwa kesi, maana ndio utakaoamua kama timu inapata minne au haipati kitu. Mimi ningeibakiza.

Tatizo kubwa zaidi lilionekana New York, 10 Juni 2024, Kombe la Dunia la ova 20. Bangladesh ilikuwa ikiifukuza jumla ya Afrika Kusini, 113. Mpira wa Ottneil Baartman ulimgonga Mahmudullah kwenye pedi ukaenda hadi mpakani. Mwamuzi aliinua kidole: ametoka, mguu mbele ya wiketi, yaani mguu umezuia mpira uliokuwa ukielekea kwenye wiketi. Picha za marejeo zikaonyesha mpira ungepita nje ya stampu, vile vijiti vya wiketi, na uamuzi ukabadilishwa. Lakini legi-bai nne hazikurudi, kwa kuwa kanuni inasema kidole kikiinuka mpira umekufa, yaani mchezo umesimama, hata kama kidole kimekosea. Bangladesh iliishia 109. Ilishindwa kwa minne.

Huwezi kusema ingekuwa sare, kwani baada ya hapo kila mpira ungerushwa na kuchezwa kwa hesabu nyingine. Kanuni nayo ina sababu: mdakaji akiona kidole huacha kukimbia, na si haki kuhesabu mikimbio ambayo hakuna aliyeizuia. Sababu hiyo inashika kwa mikimbio ya miguu. Kwa mpira unaoelekea mpakani na hakuna wa kuufikia, inalegea. Katika soka washika vibendera waliagizwa wachelewe kuinua kibendera cha kuotea hadi shambulizi liishe, kwa sababu video ipo. Mwamuzi wa kriketi naye anaweza kusubiri sekunde tatu mpira utulie. Gharama ni kwamba mpigaji aliyetoka kweli anaweza kukimbia bure, na mwenzake akatolewa akikimbia, na hilo nalo litahitaji kanuni yake.