Maharage yana ratiba kunizidi

Jamani wakuu, huku kwetu Mabatini, juu huku kwenye mawe, anayehudumiwa wa kwanza asubuhi sio baba wala mtoto wa shule, ni sufuria la maharage. Saa kumi na mbili jiko la mkaa limekolea, mimi nipo kwenye kigoda na kikombe mkononi, naulizia chai, shemeji yenu ananijibu bila hata kugeuka, "Baba subiri, maharage yachemke kwanza." Yaani nalipa kodi mimi, anayepewa kipaumbele ni kiporo.

Friji hatuna, na mkaa wa siku hizi sio wa kuchemshia maharage kila siku. Kwahiyo Jumapili yanachemshwa mengi kwa mpigo, matupu, chumvi kidogo tu basi. Hapo ndo nampa heshima yake huyu mwanamke. Kitunguu, nyanya na karanga haviingii sufuria kubwa ng'o, anachota ya kula siku hiyo anayaunga pembeni, maana ukishaunga yote na karanga, kwa joto la huku kesho yake jioni yameshaanza kubadilika. Mimi nalalamika nakula maharage ya aina moja wiki nzima, ila nakiri hayachachi ovyo.

Na kupasha kwenyewe kuna masharti jamani, utadhani ni dawa. Anaongeza maji kikombe, anakoroga mpaka chini, halafu hatoi mpaka yachemke katikati kabisa. Sio yale ya pembeni yanacheza cheza huku katikati vuguvugu, hayo anasema umewapa wadudu maji ya kuoga. Yakishachemka dakika kadhaa anaepua, sufuria linawekwa ndani ya beseni la maji ya baridi, mfuniko umeachwa wazi kidogo mpaka mvuke uishe. Kwanini? Kwa sababu sufuria zito likifunikwa la moto linabaki na uvuguvugu mpaka mchana, na humo kwenye uvuguvugu ndo wanazaliana. Jioni zoezi linarudiwa. Mimi miguu naoshea wapi? Beseni lina mgonjwa.

Sasa Jumanne kaja mdogo wake kutoka Sengerema. Kijana mzuri, ana adabu, shikamoo zote anatoa, tatizo lake usiku. Watu tumelala yeye kaenda kufunua sufuria, kachota na upawa, karamba, karudisha upawa uleule ndani, kakoroga eti aone kama kuna mnofu (mnofu gani kwenye maharage wewe?), kafunika kalala zake.

Jumatano asubuhi dada yake anafunua, moto hata haujawashwa, maharage yanatoa povu. Vipovu vidogo vidogo vinapanda vyenyewe vinapasuka, ukitega sikio unasikia tss tss. Kachota na kijiko, mchuzi unavutika kama mlenda. Harufu ya uchachu hiyo mpaka kwa jirani.

Dogo anasema, "Aa dada, si tuchemshe tu, moto unaua kila kitu." Na jirani naye, mama mtu mzima, anapenyeza kichwa mlangoni anashauri tuweke magadi. Ni kweli magadi yanaondoa ule ukali wa uchachu, ulimi hausikii kitu. Lakini ulimi ndo uliokuwa unakulinda! Umemziba mlinzi mdomo, mwizi bado yumo ndani. Moto nao unaua wadudu, sikatai, ila kuna wanaotema sumu kwenye chakula na sumu nyingine haiondoki hata uchemshe mpaka mkaa uishe. Na wengine wanaacha mbegu ngumu, zinavumilia kuchemka, maharage yakipoa taratibu zinaamka tena. Mbaya zaidi kuna wanaoharibu bila povu wala harufu, ndo maana shemeji yenu yakikaa masaa mengi bila kupashwa hanusi, anamwaga tu.

Akayamwaga kweli, nyuma ya choo. Nusu sufuria! Mimi nikahesabu mkaa kichwani, nikahesabu na zile chai nilizocheleweshewa, roho ikauma. Asubuhi hiyo nilikunywa chai mapema kuliko siku zote, maana hakukuwa na wa kupashwa, lakini chai kavu, ya kuchovya hakuna.

Dogo kwa aibu akaenda Mwaloni kulipa fidia. Karudi jua la saa nane, anatabasamu, kabeba ndoo imejaa dagaa wabichi. Ndoo nzima, wakuu. Anaitua mlangoni, anafuta jasho, ananiuliza, "Shemeji, hawa tutakuwa tunawapasha saa ngapi?"