Bei Isimame, Fungu Ndilo Libadilike

Michezo mingi ya mezani inayoigiza soko hupandisha na kushusha bei, na hapo ndipo ninapoona inapotea njia. Kwenye genge la Dar es Salaam fungu la nyanya la shilingi 500 hubaki la 500 hata nyanya zinapoadimika; kinachopungua ni nyanya zenyewe, kutoka tatu hadi mbili. Naamini mbunifu anayetaka mchezo wa gengeni aanzie kwenye fungu hilo, kwa sababu mchezaji hushika uamuzi wake mkononi badala ya kukokotoa bei.

Karata ninazozitengeneza ni 72, kila moja ni nyanya, na 12 kati ya hizo ni masalo. Wachezaji ni watatu. Kila asubuhi kila mmoja hununua tenga la karata 12 zilizofunikwa kwa shilingi 1,500, na hajui ameuziwa masalo mangapi mpaka alifungue. Kisha hupanga mafungu ya mbili au tatu, na kila mteja huchukua fungu kubwa kuliko yote yaliyobaki. Mafungu yakilingana, wateja hugawanywa kwa zamu.

Chukua siku ambayo kila tenga lina nyanya nzima kumi, na wateja ni kumi. Wawili wamepanga mafungu matano ya mbilimbili. Wa tatu amepanga mawili ya tatutatu na mawili ya mbilimbili. Wateja wawili wa kwanza wanakwenda kwake moja kwa moja, wanane waliobaki wanagawanyika, naye anamaliza meza kwa shilingi 2,000. Wenzake wanauza mafungu matatu kila mmoja, wanarudisha mtaji wa 1,500 tu, na kila mmoja anabaki na nyanya nne za kulala.

Nilipoujaribu na wapangaji wenzangu Tabata, niliweka wateja 18. Mafungu yote yaliisha, hakuna aliyefikiria kuongeza nyanya ya tatu, na kimya cha mezani kilinionyesha kwamba hapakuwa na la kuamua. Wateja lazima wawe wachache kuliko mafungu. Kosa jingine lilikuwa kupanga hadharani: kila mtu alisubiri mwenzake atangulie ili amzidi kwa nyanya moja. Sasa wanapanga nyuma ya kipande cha kanga, kisha wote wanafunua kwa pamoja.

Nyanya iliyolala hulazwa ubavu. Ikilala mara ya pili huwa masalo, na mama ntilie huyachukua sita kwa 500 kwa ajili ya mchuzi. Hapo mtu aliyebana mafungu yake jana huanza kujuta, na hicho ndicho kipande ninachokipenda zaidi.

Kanuni ninayoendelea kuipima ni ya nyongeza. Mafungu yanapolingana, mchezaji anaruhusiwa kutupia nyanya moja juu ya fungu lake ili amvute mteja, ila ni lazima aitoe kwenye mafungu yake mengine. Katika raundi za mwisho watu wanavunja mafungu mazima kwa ajili ya mteja mmoja, na bado sijaamua kama niwawekee kikomo.