Solusheni za pepa zilizopita: uikague kwanza au uimeze kama ilivyo?

"Ticha, niko fomu foo hapa Uyole, nimepata pidiefu ya majibu ya pepa za hesabu za miaka ya nyuma. Niisome tu hivyo hivyo au nihakikishe kwanza kama iko sahihi? Na nitahakikishaje wakati ningekuwa najua nisingeitafuta?"

Hapo mwisho umenibana kweli mdogo wangu, na hata sisi walimu wa tuisheni hatukubaliani. Nina mwenzangu anafundisha Iringa, mtu makini sana, yeye anasema mwache mtoto asome, akishazoea njia makosa atayaona mwenyewe mbele ya safari. Mimi siko naye moja kwa moja ila siwezi kusema amekosea, ngoja nichukue swali moja tu tuone.

Topiki ni ile ya dunia kama tufe. Swali la aina hii unalijua, unapewa miji miwili iliyo kwenye latitudo moja unaambiwa tafuta umbali kwa kufuata hiyo latitudo, nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6370 na π ni 3.14. Tufanye ni Mbeya na Kilwa Masoko, maana hii miji kweli iko karibu mstari mmoja, yote ipo kama digrii 9 kusini, Mbeya longitudo yake inakaribia digrii 33.5 mashariki na Kilwa 39.5. Tofauti digrii 6. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea solusheni ya swali kama hili aliyoiprinti steshenari pale Mwanjelwa, imeandikwa vizuri, mistari imenyooka, na hesabu iko hivi:

6/360 × 2 × 3.14 × 6370 = 666.7 km

Ukipiga kalkuleta inatoka hivyo hivyo, hesabu haijakosewa popote. Tena ukisema upime kwa akili ya kawaida, digrii moja kwenye duara kubwa la dunia ni kama kilomita 111, mara 6 ni 666, inakubali. Kwa hiyo kijana alikagua, na akaridhika, na bado ilikuwa imekosewa, maana fomula ya umbali kwenye latitudo inatakiwa iwe na cos ya ile latitudo. Hesabu yenyewe ni hii:

6/360 × 2 × 3.14 × 6370 × cos 9° = 658.5 km

Sasa hapa ndio mwenzangu wa Iringa anapopata nguvu. Anasema unaona, mtoto amekagua na hajaona kitu, umempotezea jioni nzima, pepa la hesabu lina maswali 14, akianza kushtaki kila mstari atafika Oktoba bado yuko pepa la kwanza. Halafu anaongeza kingine ambacho mimi nilikuwa sijakifikiria, kwamba mtoto asiyejua anapokagua mara nyingi anaikataa solusheni iliyo sahihi. Na ni kweli. Chukua swali lile lile, mtu mwingine akatumia π ya 22/7 badala ya 3.14, atapata 659.1. Mwingine akatumia nusu kipenyo cha 6400 kama baadhi ya vitabu vinavyoandika, atapata 661.6. Sasa mtoto ana majibu manne mezani, 658.5, 659.1, 661.6 na 666.7, yote yanafanana fanana, lipi ni kosa na lipi ni kukadiria tu? Kwa kuangalia namba ya mwisho peke yake hawezi kujua, hata mimi nisingejua.

Ila ndio maana mimi nasema tatizo sio kukagua, tatizo ni kukagua jibu. Jibu la mwisho ndio sehemu inayosema kidogo kuliko zote. Cos ya digrii 9 ni 0.9877, yaani ukiisahau unakosea kama asilimia 1 na kidogo tu, huku kwetu karibu na ikweta kosa hilo linajificha kabisa, linapita kilomita 8 tu kwenye safari ya mia sita na kitu. Nani atashtuka?

Kinachofanya kazi ni hiki, na hakihitaji uwe unajua solusheni sahihi. Chukua ile njia yao, usiguse kitu kingine, badilisha namba moja tu uipeleke mwisho kabisa mahali ambapo jibu unalijua bila kupiga hesabu. Hapa ibadilishe latitudo. Sogeza miji yote miwili mpaka ncha ya kusini, digrii 90. Longitudo zote zinakutana pale, kama vipande vya chungwa vinavyokuwa vinene katikati na kuchongoka mwishoni, kwa hiyo miji iliyotofautiana digrii 6 ikifika pale inakuwa sehemu moja na umbali ni sifuri, hilo halina mjadala. Sasa rudi kwenye solusheni ya steshenari, uliza digrii 9 imetumika wapi? Haipo popote. Maana yake hata ncha ya dunia itakupa 666.7 ile ile. Imekufa hapo. Ile yenye cos inatoa sifuri kwa sababu cos ya 90 ni sifuri, na ukijaribu digrii 60 inatoa 333.4, nusu kamili, hapo sasa kosa la asilimia 1 limekuwa kosa la mara mbili na mtu yeyote analiona.

Na jaribio hilo hilo linamwokoa mtoto asiikatae iliyo sahihi. Ya 22/7 ukiipeleka ncha inatoa sifuri, ya 6400 nayo inatoa sifuri, kwa hiyo njia zao ni nzima ila wametumia namba tofauti na zilizoandikwa kwenye swali. Hilo unalirekebisha kwa penseli unaendelea, usitupe karatasi. Sio kwamba ni jambo dogo mbele ya msahihishaji, swali likisema tumia 3.14 tumia 3.14, ila ni ugonjwa mwingine.

Yule kijana alinibishia lakini, akasema ticha nimeangalia sehemu tatu tofauti zote zinasema 666.7, watu watatu wote wakosee? Nikamwambia tuzifungue. Zote tatu zimekadiria sehemu ile ile, zote zimeandika Kilwa "Kilwaa" kwa a mbili, na zote zimeruka mstari ule ule wa katikati. Huyo ni mtu mmoja amekopiwa mara mbili. Ukitaka shahidi wa pili kweli tafuta aliyefanya kwa njia nyingine, kwa mfano aliyetafuta kwanza nusu kipenyo cha duara la latitudo yenyewe, 6370 × cos 9° ambayo ni kama 6292, halafu akachukua digrii 6 za duara hilo dogo. Anafika 658.5 kwa mlango mwingine, na anakuonyesha cos inatoka wapi, kitu ambacho ile fomula ya kukariri haikuonyeshi.

Kuna shahidi mwingine ambaye sijui kwa nini vijana hawamtumii. NECTA baada ya mtihani huwa wanatoa ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, iko kwenye tovuti yao, tafuta CIRA. Mle wanaeleza swali lilitaka nini, waliokosa walikosa wapi, na wanabandika picha za kurasa za watahiniwa, aliyepata na aliyekosa. Kwa hesabu ni dhahabu, unaona mtahiniwa aliyesahau kitu na maelezo ya kwa nini amekosa. Sio mwongozo kamili wa usahihishaji na picha hazifiki kila kipengele, kwa hiyo kuna maswali utakosa pa kulinganisha, lakini anza hapo kabla ya pidiefu ya mtu asiye na jina.

Nirudi kwa mwenzangu, maana kuna sehemu nampa haki yake. Jaribio la kupeleka namba mwisho linafanya kazi kwenye fomula, halifanyi kazi kila mahali. Ukiwa na ekwesheni wala usihangaike nalo, rudisha jibu ndani ya swali uone kama pande mbili zinalingana, dakika moja imeisha. Kwenye uthibitisho wa jometri itabidi usome mstari kwa mstari uulize huu umetoka wapi. Historia na fasihi ndio kabisa, huko ni mambo mengine. Na jioni haitoshi kweli, baridi ya Juni hapa Mbeya saa mbili usiku unaandika vidole vimeganda, huwezi kukagua maswali 14 yote na kila kipengele.

Mimi nafanya hivi, nakagua mstari mmoja tu kwa kila solusheni, ule unaobeba sababu, mahali ambapo fomula imechaguliwa. Hesabu za chini yake ni za kalkuleta. Ukikariri hesabu ya chini iliyokosewa utasahau kesho, ila ukikariri fomula isiyo na cos utaibeba mpaka chumba cha mtihani, na pepa lenyewe linasema kazi yote muhimu ionyeshwe wazi, kwa hiyo hata ukibahatisha jibu mstari wako unaonekana. Hapo ndipo mimi na Iringa tunapoachana. Yeye anaamini kosa litajifichua lenyewe mbele, mimi nimekuonyesha swali ambalo lingejificha maisha yako yote kama ungekaa unafanya mifano ya miji ya Tanzania peke yake.

Angalizo dogo, ukishajua hili usianze kubandika cos kila mahali. Mbeya na Mwanza ziko karibu longitudo moja, huko unasafiri kwenye duara kubwa la dunia na cos haiingii. Nimewaona wanaorekebisha kosa moja kwa kutengeneza jingine.

Na kwa vile hiyo pidiefu unayo, nenda kwenye kile kipengele cha meli inayotoka Kilwa kwenda mashariki digrii 5 kwa kufuata latitudo ile ile, umbali kwa noti maili. Kijana wangu alikuta wameandika 5 × 60 = 300. Namba kamili, inapendeza, hata mimi ningeipitisha kama nisingekuwa nimeshashtuka. Ni 296.3.