Gereza la Kilwa si lile la Wareno

Mwandishi wa makala ninayoijibu anatuambia kwamba ngome iliyo kwenye picha yake, Gereza la Kilwa Kisiwani, ni ile ile waliyoijenga Wareno mwaka 1505. Sikubaliani naye, kwa sababu Wareno waliihama ngome yao mwaka 1512, na sehemu kubwa ya kuta na minara tunayoiona leo ni kazi ya Waomani ya karibu mwaka 1800, waliojenga juu ya mabaki yale. Hata umbo lenyewe, yaani mraba wenye minara miwili ya duara kwenye pembe zinazokabiliana, ni la ngome hiyo ya baadaye. Tabaka la tatu ni ukarabati wa miaka ya karibuni, na hapo ndipo picha inapodanganya, kwani mawe ya matumbawe na chokaa vilivyotumiwa ni vya aina ile ile ya zamani. Nilipofika pale nilitafuta mshono ukutani, mahali ambapo safu za mawe hazifungamani na lipu hubadilika rangi ghafla. Je, kuna msomaji mwenye picha ya upande wa baharini, ulioliwa na mawimbi, kabla haujakarabatiwa?