"Jibu" tupu

Jumanne usiku nakaanga samaki, simu ikalia. Bosi kanitumia WhatsApp picha ya barua pepe ya mteja, chini yake neno moja: "Jibu." Kisha kimya.

Haya bosi. Nijibu nini?

Picha yenyewe imekatwa. Juu inasomeka "to me", na pembeni kuna ule mshale mdogo wa kufungulia majina ya walionakiliwa. Kwenye picha haufunguki, hata ukiubonyeza mpaka kidole kiume. Huenda mhasibu wao anasoma, huenda hata mkurugenzi.

Mteja anasema viti 40 alivyotulipia nusu vilipaswa kufika Ijumaa. Anauliza mambo mawili: vitafika lini, na visipofika atarudishiwa hela? Sentensi tano, basi. Hajatukana, ila ameanza na "Habari", na huyu siku zote huniandikia "Habari za siku dada yangu". Hapo nikajua amekasirika.

Kwa hiyo sauti na urefu niliviokota kwenye barua yake. Aliyeandika sentensi tano simwandikii ukurasa, na mwenye hasira simuulizii familia. Salamu moja, radhi moja. Ukiomba radhi mara tatu, anaanza kuhisi unaficha jambo.

Lakini yaliyomo? Tarehe sinayo. Hela si zangu. Najua wengi wangeandika "tunalifanyia kazi" wakalala. Jamani! Mtu anasubiri tangu Ijumaa, unamwambia unalifanyia kazi, kwani siku zote hizo ulikuwa unalifanyia nini? Na ukimtungia tarehe ili apoe, umemwahidi kwa maandishi kitu ambacho fundi hajakisikia. Siku hiyo ikifika, atakutolea barua yako mwenyewe.

Nikaandika hivi, nikamrudishia bosi:

"Habari za jioni. Samahani, viti 40 havikufika Ijumaa kama tulivyokubaliana, na kosa ni letu. Vitafika ______. Visipofika siku hiyo, kuhusu nusu uliyokwisha kulipa, ______."

Akaja juu: "Si umjibu tu!"

Nakubali, kwa shingo upande, kuwa zipo barua ambazo "jibu" linatosha. Mtu katuma ankara, unamwambia imefika, yamekwisha. Hii haikuwa hiyo.

Nikamwandikia: "Bosi, nijazie mapengo mawili tu." Dakika ishirini zikapita, nadhani alimpigia fundi, kisha ikaja sauti: vanishi haijakauka kwa sababu ya mvua, sema Jumamosi. Hela harudishiwi, ila vikipita Jumamosi usafiri juu yetu.

Unaona? Vanishi, Jumamosi, usafiri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ningekiona kwenye ile picha, hata ningeikodolea macho mpaka asubuhi. Samaki nao walishaungua upande mmoja.

Nikajaza, nikauliza la mwisho: "Na nani wengine wamenakiliwa?"

Akanitumia picha ileile.